Naomba ushauri: urefu wa tanjenti ya nje ya maduara mawili

Ndugu wanachama, nipo Masasi, ambako nawafundisha vijana kwa mfano wa puli mbili za mashine ya kusaga, zenye nusu kipenyo cha sm 25 na sm 10, huku vitovu vyake vikiachana kwa sm 39. Kutoka kitovu cha puli ndogo nachora mstari sambamba na sehemu iliyonyooka ya mkanda, nao unakata nusu kipenyo cha puli kubwa na kubakiza sm 15; hivyo pembetatu mraba inatoa √(39² − 15²) = sm 36. Wengi, hata walio hodari, hujumlisha nusu vipenyo na kupata takriban sm 17.2, ambao ni urefu wa tanjenti ya ndani, yaani mkanda uliopishana katikati. Je, niwaonyesheje tofauti hiyo kwa uzi na vifuniko, bila kuwakaririsha kanuni?