Andiko la filamu ya dakika 11 isiyo na picha mpya hata moja: nipeleke rasimu ipi kati ya hizi tatu?

Mkata_Mkanda

Ndugu wanajukwaa, salaam. Natengeneza filamu fupi kuhusu mradi wa karanga wa Kongwa, ule ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, wakaja kuutelekeza mwaka 1951. Sitawasha kamera kabisa. Picha zote zitatoka sehemu mbili: sinema za habari za Waingereza za miaka ile, zinazotunzwa kwenye hifadhi moja ya ng'ambo, na reli mbili za rangi za milimita 8 zilizopigwa na fundi mmoja wa matrekta, ambazo mjukuu wake amenikabidhi. Reli hizo mbili nimeshazihamishia kwenye kompyuta, na zina jumla ya dakika 5 na sekunde 34.

Tamasha ninalolilenga ni dogo, na linataka andiko lisilozidi kurasa mbili. Nimeandika rasimu tatu. Ya kwanza inasimulia filamu kana kwamba msomaji ameketi ukumbini anaitazama. Ya pili inaorodhesha vipande vyote, kila kimoja kimetoka wapi na kina sekunde ngapi. Ya tatu ni barua yangu mwenyewe, inayoeleza kwa nini naigusa habari hii na ukoloni ulifanya nini. Mwenye uzoefu anisaidie kuchagua.

Kijana_wa_Gairo

Kaka, mimi naichagua ya kwanza bila kusita, ila umsahau huyo fundi na uweke kijana wa leo anayeokota kamera porini Kongwa. Picha ziyumbeyumbe, usiku uingie, asikike akihema. Watazamaji wanapenda kuamini kwamba mkanda umeokotwa kweli na aliyeupiga hajaonekana tena.

Bi_Projekta

Mwanangu wa Gairo, unayoizungumzia ni filamu ya kutisha inayojifanya imeokotwa, ilhali imepigwa upya mwanzo hadi mwisho kwa waigizaji. Mwenzio anatumia picha ambazo kweli zilipigwa na watu wengine kwa kusudi jingine, na kazi yake ni kuzipanga hadi ziseme jambo ambalo wapigaji hawakulikusudia. Hata hivyo umetusaidia bila kujua, kwa kuwa baadhi ya wanaosoma maandiko huchanganya vilevile. Mkata_Mkanda, sentensi yako ya kwanza iseme wazi kwamba hakuna picha itakayopigwa.

Sasa nijibu swali. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya mchujo ya tamasha dogo kwa misimu kadhaa, na andiko la filamu za aina hii tulikuwa tunalisoma tukiwa na maswali mawili tu: je, picha hizi mtu huyu anazo mkononi au anaziota, na zikikutanishwa zinageuka kuwa nini? Rasimu yako ya kwanza inajibu la pili na kulikwepa la kwanza. Ya pili inajibu la kwanza, lakini inasomeka kama hati ya kupokelea mizigo bandarini. Ya tatu haijibu lolote kati ya hayo, kwa sababu hasira yako dhidi ya ukoloni ni ya haki lakini haionekani kwenye skrini. Ipunguze iwe aya moja mwishoni.

Andika rasimu ya nne, ambamo kila aya imesimama juu ya kipande halisi cha picha. Eleza kinachoonekana, kisha kinachotokea kipande hicho kinapowekwa kando ya kingine, halafu useme kwa maneno machache kimetoka wapi na ruhusa yake imefikia wapi. Orodha kamili iende kwenye kiambatisho, kama tamasha linaruhusu.

Jambo jingine limenishtua katika hesabu yako. Reli ya futi 50 ya milimita 8 ina fremu 4,000, kwa maana kila futi ina fremu 80. Kamera za nyumbani za enzi zile kwa kawaida zilipiga fremu 16 kwa sekunde, kwa hiyo reli moja huchukua dakika 4 na sekunde 10, na mbili ni dakika 8 na sekunde 20. Wewe umepata dakika 5 na sekunde 34. Hiyo ni karibu sawa kabisa na hesabu inayopatikana reli hizohizo zikiendeshwa kwa fremu 24. Watazame watu wanavyotembea: je, hawaonekani kama wanaofukuzwa na nyuki?

Mkata_Mkanda

Mama, nimezitazama tena usiku huu na nimeona aibu. Kuna mwanamke anayepita nyuma ya trekta na ndoo kichwani, nami nilidhani anakimbilia jambo fulani. Katika rasimu ya kwanza nimeandika kabisa kwamba "anakimbia". Nilipoishusha kasi hadi fremu 16, alikuwa anatembea taratibu, na anapofika katikati anageuza macho kuitazama kamera kwa muda mrefu. Hilo tazamo sikuwa nimelihisi kabla.

Bi_Projekta

Hapo umepata filamu, na umeongezewa karibu dakika tatu za picha ambazo hulipii. Taja kasi hiyo katika andiko. Wasomaji wengi wa kamati hawatajali, lakini mmoja akijali atajua kwamba umezigusa picha zako.

Mpenda_Sheria

Naona mnajisumbua bure kuhusu ruhusa. Filamu za serikali ya Uingereza hulindwa kwa miaka 50 tangu kutolewa, na za miaka ya 1940 zimeshatoka kwenye ulinzi huo siku nyingi. Kaka andika tu kwamba picha ni za umma, upakue, ukate. Zipo mtandaoni, kila mtu anaziona.

Bi_Projekta

Ndugu Mpenda_Sheria, kuhusu filamu za serikali uko karibu na ukweli, lakini yeye hakusema ni filamu za serikali. Amesema ni sinema za habari, na hizo kwa sehemu kubwa zilitengenezwa na kampuni binafsi, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Isitoshe, hata haki miliki ikiwa imekwisha, nakala safi imo ndani ya hifadhi, na hifadhi inaweza kukutoza kwa kukupa nakala hiyo na kukufunga kwa mkataba kuhusu mahali utakapoionyesha. Kuwekwa mtandaoni ili watu watazame si ruhusa ya kuikata. Katika andiko, neno "picha za umma" lisilo na maelezo humfanya msomaji makini aweke kalamu chini.

Mpenda_Sheria

Sawa kuhusu kampuni binafsi, hapo nilipitiwa. Ila la kulipia nakala ya kitu ambacho haki zake zimekwisha bado silikubali.

Mama_Kanda

Mimi yalinikuta na kanda za harusi za marehemu dada yangu, za miaka ya 1990. Picha ni zetu, waliomo tulizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba idhini, na andiko likapita. Lilipofika suala la kuonyesha, tukaulizwa wimbo wa taarabu unaosikika nyuma ya bibi harusi ni wa nani. Sikuwa nimeandika neno lolote kuhusu sauti. Ilibidi niinyamazishe dakika nzima, na dakika hiyo ndiyo ilikuwa moyo wa filamu. Kwa hiyo mwanangu, sauti za hizo sinema za habari utazifanyaje? Zina muziki na zina yule bwana anayetangaza.

Mkata_Mkanda

Ahsante, Mama. Reli za fundi hazina sauti kabisa, lakini sinema za habari zinayo. Nilikuwa nimepanga kuuondoa muziki na kuibakiza sauti ya mtangazaji mara moja tu, anapozisifu mashine. Nitaliandika hilo waziwazi.

Kuhusu gharama, hifadhi niliyoiandikia imenijibu kwamba kiwango cha chini ni sekunde 30 kwa kila sinema unayochukua kipande. Rasimu yangu ilitumia vipande vitano vya sekunde 8 kutoka sinema tano tofauti. Picha ninazozitumia ni sekunde 40, lakini ningelipia 150.

Bi_Projekta

Ndiyo maana nasema orodha ya vipande iandikwe kabla ya masimulizi. Vipande vyote vitano vikitoka kwenye sinema mbili, unalipia sekunde 60 na una 20 za ziada za kuchezea. Chagua sinema mbili zenye picha nyingi unazozihitaji, kisha uandike filamu inayotokana nazo. Uliza pia bei ya leseni ya matamasha pekee na bei ya leseni inayoruhusu kuiweka mtandaoni baadaye, kwa sababu huwa hazifanani.

Mkata_Mkanda

Nimefanya hivyo, na zimebaki mbili. Katika rasimu ya kwanza aya ya kati ilisomeka hivi: "Mashine za kikoloni zinaiharibu ardhi ya Wagogo huku wananchi wakikimbia." Sasa inasomeka hivi:

*Trekta lililoundwa kwa mwili wa kifaru cha vita linausukuma mbuyu. Mtangazaji anasema kazi inasonga mbele. Mbuyu hauanguki. Tunakiona kipande hichohicho mara ya pili, bila sauti, na mara ya tatu tunakikata kabla trekta halijaugusa mti. Inafuata picha ya rangi ya fundi: mwanamke mwenye ndoo anapita nyuma ya trekta lilelile, limezimwa, minyororo imetolewa. Anasimama na kututazama kwa sekunde 9. (Kipande cha kwanza: sinema ya habari, maombi ya leseni yametumwa. Cha pili: reli ya familia, fremu 16 kwa sekunde, ruhusa ya mjukuu imeandikwa na kutiwa saini.)*

Bi_Projekta

Hiyo ningeipitisha. Nina sahihisho moja: "trekta lilelile" una uhakika nalo? Kama ni la aina ileile tu, andika hivyo. Kamati ikigundua umeunganisha mashine mbili tofauti kwa neno moja, itaanza kuyashuku na mengine.

Mkata_Mkanda

Ni la aina ileile. Namba ubavuni hazifanani. Nimebadilisha.

Mama_Kanda

Na huyo mwanamke mwenye ndoo? Mjukuu ametoa ruhusa ya mkanda, lakini mama huyu hakuombwa na yeyote. Sekunde 9 za uso wake ni nyingi.

Mpenda_Sheria

Kisheria sidhani kama kuna tatizo, ni zaidi ya miaka 70 sasa.

Mama_Kanda

Sijauliza kisheria. Kongwa kuna watu ambao huenda ni wajukuu zake.

Bi_Projekta

Hapo sina jibu la kukupa, Mkata_Mkanda. Nimewahi kuona andiko lililoeleza kwamba picha zitapelekwa kijijini kwanza zionyeshwe kabla ya uhariri kufungwa, na kamati ikalipenda. Nimeona pia lililoahidi hivyo na halikutekeleza. Usiandike ahadi ambayo huna nauli yake.

Mkata_Mkanda

Basi la kutoka Dodoma mjini hadi Kongwa halinishindi, na projekta naweza kuazima. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ijayo. Kwa sasa naiacha ile "sekunde 9" kwenye andiko, na chini yake nimeongeza sentensi moja inayosema kwamba mwanamke huyu bado hajatambuliwa na kwamba natafuta ukoo wake. Kama kuna mwanajukwaa mwenye jamaa wazee Kongwa au Mpwapwa, nitamtumia picha moja iliyogandishwa awaonyeshe.

Kijana_wa_Gairo

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kongwa, alizaliwa kabla ya mradi huo. Nitumie, kaka. Jumapili nakwenda kumsalimia.