Mrejesho: potasiamu ya mgonjwa wa amfoterisini imepanda

Niliuliza: "Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, siku ya 5 ya amfoterisini, potasiamu 2.6 na haipandi hata tukimpa vidonge, tunakosea wapi?"

Wakuu asanteni sana, aliyesema tuangalie magnesiamu ndo alipiga penyewe. Hatukuwa tunampa kabisa, na dawa hii inafanya figo zimwage potasiamu na magnesiamu pamoja, sasa magnesiamu ikiwa chini potasiamu unayoingiza inatoka tu kwenye mkojo. Tukaanza vidonge vya magnesiamu asubuhi na jioni, potasiamu tukaendelea nayo, na kabla ya kila dozi lita 1 ya nomo selini yenye potasiamu milimoli 20 kwa masaa 2, yaani iishe kwanza ndo amfoterisini ianze, hiyo kwenye dekstrozi 5% maana kwenye selini inaganda.

Siku ya 8 potasiamu 3.5. Jana kakaa mwenyewe kitandani akashika kikombe cha uji, mtu ambaye hata kuinua goti alikuwa hawezi! Kreatinini ilitoka 78 ikafika 121, haijafika mara mbili so hatujaruka dozi, tunapima tena kesho.