MREJESHO: ikisiri 90, majaji 18, alama hazilingani

Nilichouliza: "Tunapokea ikisiri za maneno 250, kila moja inasomwa na majaji watatu, lakini jaji mkali anawaangusha watu bure. Nifanyeje?"

Haya wadau, tumemaliza juzi hapa Mombasa, shukran sana. Kwanza ile rubriki ya alama 1 mpaka 5 niliitupa, maana kwa maneno 250 hakuna anayejua 3 na 4 zinaachana wapi, kila mtu anakisia tu. Tukaweka 0 mpaka 2 kwa kila kigezo, jumla 10. Kwa mfano kwenye mbinu, 0 haijatajwa, 1 imetajwa tu kama "tulifanya utafiti", 2 imesema nani walihojiwa, wangapi na vipi. Halafu majaji wote wakapima ikisiri tatu zilezile kabla ya kuanza, na hapo ndo kelele ilikuwa, wengine walikuwa wanakata alama za Kiingereza kibovu kwenye mbinu!

Ukali haukuisha lakini. Kuna jaji wastani wake ulikuwa 5 kwa 10, mwingine 8, sasa ikisiri iliyopata 7 kwa yule mkali iko juu ya wastani wake kwa 2, na 8 ya yule mpole ni ya kawaida tu. Kwa hiyo tukatoa wastani wa kila jaji kwenye alama zake kisha ndo tukajumlisha. Hii inafaa kama ikisiri zimegawanywa kwa bahati nasibu na kila jaji ana nyingi, sisi ilikuwa 15 kila mmoja. Zile ambazo alama za majaji wake ziliachana sana tukazisoma upya kwa mkono, moja baada ya nyingine.