Naomba ushauri: mama mkwe nimwambie "tu" au "vous"?

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa mnaoishi Ufaransa, hasa mlioolewa huko. Mimi niko Lyon, mume wangu ni Mfaransa. Yeye na ndugu zake tunaambiana "tu", yaani "wewe" ya watu waliozoeana, bila shida. Mama mkwe ananiambia "tu" tangu tulipofahamiana, ila mimi bado namjibu kwa "vous", yaani "wewe" ya heshima, na nataka sana kumheshimu.

Ninavyojua, mkubwa ndiye anayetoa ruhusa, kwa maneno kama "On peut se tutoyer", yaani tunaweza kuambiana "tu". Yeye hajatamka. Je, kule kunitumia "tu" ni ruhusa tosha, au nisubiri? Zipo familia ambazo wakwe huambiwa "vous" maisha yote, na mapenzi yapo.

Kwa sasa nakwepa. Badala ya "Vous voulez du café ?", yaani unataka kahawa, nasema "Il reste du café", yaani kahawa bado ipo, bila "tu" wala "vous". Inafaa kwa sentensi moja, lakini maongezi yakirefuka inashindikana, kwa sababu kitenzi, neno la "yako", yaani "ton" au "votre", hadi "tafadhali", yaani "s'il te plaît" au "s'il vous plaît", vyote lazima vifuate njia moja. Ukichanganya, wanasikia mara moja.

Kazini, duka la dawa, mteja mtu mzima ni "vous", hata kijana wa rika langu. Hapo sina wasiwasi. Bosi wetu tunamwambia "tu". Mbele ya wateja, wenzangu wengine hugeukia "vous", wengine hawabadilishi. Nyinyi mnafanyaje? Na mama mkwe, nimuulize mwenyewe au nimtume mume wangu?