Naomba ushauri: udongo wa jiko umepasuka, fundi kaweka bati

Habari zenu wakuu. Nina genge la chakula, napikia jiko la mkaa lililokuwa na udongo ndani. Lilimwagikiwa maji likiwa la moto, udongo ukapasuka, fundi akaweka bati nene badala yake. Sasa linakolea haraka (kwa chai, safi kabisa), ila maharage yaliyokuwa yakiiva kwa sado moja ya mkaa yanakula karibu mbili, na ubavu wa jiko haugusiki kwa moto. Nimejaribu kubana mlango wa hewa, moto ukafifia tu.

Je, nikijaza majivu makavu kati ya bati la ndani na la nje, yatazuia joto vya kutosha? Au nirudishe udongo, na kama ndivyo, niushikizie kwa saruji tupu au niichanganye na majivu? Saruji ya mwanzo ilibanduka mapema.