Naomba ushauri: moringa kwenye barua ya mgonjwa wa vali

Wauguzi wenzangu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kabla ya keshokutwa.

Nina mgonjwa, mzee wa Kasese, amewekewa vali ya chuma hapa Kampala na anakunywa warfarini. Mimi ndiye ninayemwandikia barua ya kurudi nyumbani. Vidonge vya kitunguu saumu nimeandika aache, maana vikijumlishwa na warfarini vinaongeza hatari ya kutokwa damu. Vya madini ya chuma aendelee, ila asivimeze pamoja na chai.

Nimekwama kwenye moringa. Ina vitamini K nyingi, inapunguza nguvu ya warfarini, na damu ikiganda kwenye vali ni balaa. Nilikuwa nimeshaandika "acha". Jana asubuhi nikamkuta mkewe anakoroga unga wa kijani kwenye uji, kijiko kimoja kilichojaa, na akaniambia amefanya hivyo kila siku tangu mzee aanze kula. Kwa hiyo INR yake ya 2.8 imepatikana moringa ikiwemo! Akiiacha ghafla kwa dozi ileile, INR itapanda na anaweza kuvuja damu akiwa mbali nasi. Nimeshamweleza daktari, ataamua kwenye raundi, lakini ameniomba maoni.

Mliokutana na hali hii: mlimwachisha wodini na kupima INR upya kabla ya kumruhusu, au mlimwachia kijiko kilekile kila siku? Na akiacha, mlipima tena baada ya siku ngapi?