Tupeane uzoefu: nani ameshaugeuza muhuri wa ofisi yake kuwa picha?

Karani wa Ushirika: Muhuri wetu unakaa kwa katibu kijijini, risiti naandaa mimi mjini. Kamati imeridhia kwa maandishi niutumie kama picha. Nimeukata kwenye barua ya zamani iliyoskaniwa, lakini nikiuweka Word unakuja na kiboksi cheupe kinachofunika sahihi. Nyie mlifanyaje?

Fundi Stesheneri: Achana na hiyo barua, ina maandishi chini ya wino. Mwombe katibu augonge upya kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, muuskani kwa rangi, 600 dpi. Muhuri wa milimita 38 utakupa kama pikseli 900, zinatosha kabisa. Fungua GIMP. Karatasi iliyoskaniwa huwa na ukijivu, kwa hiyo anza na Colors > Levels, vuta kidogo kushoto kile kipembetatu cha kulia cha Input mpaka karatasi ing'ae. Ukizidisha, wino mwepesi wa pembeni unapotea. Kisha Colors > Color to Alpha, chagua nyeupe, toa kwa File > Export As kama PNG. Kabla ya kufurahi, weka leya nyekundu chini yake: vumbi na mabaki yote yatajionyesha.

Mama Vocha: Mbona mnajitesa? Word yenyewe ina Picture Format > Color > Set Transparent Color. Unabofya weupe, kwisha.

Fundi Stesheneri: Mama, hiyo inaondoa rangi moja tu, ile uliyobofya. Weupe wa skani una vivuli vingi, hivyo herufi zinabaki na ukungu pembeni. Kwenye karatasi nyeupe huuoni. Jaribu kwenye risiti ya njano.

Kijana wa Mkopo: Mimi nataka kutoa muhuri wa serikali ya mtaa kwenye barua yangu ya mwaka jana, niuweke kwenye fomu mpya. Mwenyekiti hapatikani. Sahihi imepita juu yake, naitoaje?

Fundi Stesheneri: Huko ni kughushi, mkuu. Wanaoniletea kazi hiyo nawarudishia karatasi zao. Mtafute mtendaji.

Mhasibu: Sisi tuliukwamisha WhatsApp. Ukituma kama picha inageuzwa JPEG, weupe unarudi. Tuma kama dokumenti. Na barua msizitoe zikiwa Word: mpokeaji anabofya kulia, Save as Picture, muhuri ni wake. PDF inamchelewesha tu, hata humo muhuri hutolewa. Kwetu faili analo mtu mmoja, na kila risiti namba yake inapita juu ya muhuri.

Karani wa Ushirika: Wetu una tarehe katikati, ya kuzungusha. Niifute niwe naichapa?

Fundi Stesheneri: Futa, acha wazi, uandike kwa kalamu siku ya kutoa. Tarehe ya kuchapa inajulikana mbali.

Mhasibu: Ulizeni kwanza risiti zinakokwenda. Benki moja ilitukatalia barua, ikataka wino. Nyingine ilipokea bila neno.

Karani wa Ushirika: Zetu zinakwenda kwa mkaguzi. Kuna aliyewahi kumpelekea mkaguzi za namna hii?